Shoga, Ni Mimi

Zawadi, Jumapili saa 2:07 usiku
Mwanaidi? Asalaam aleikum. Kama siyo wewe, mwenye namba unisamehe. Kama ni wewe… shoga, ni mimi Zawadi, wa dabo deka ya dirishani kule Lushoto. Namba nimepewa na dada mmoja wa Mombo, nilimshonea sare za harusi, kumbe kasoma nyuma yetu. [cherehani inasimama] Haya, sikiliza ukipata nafasi.

Mwanaidi, saa 2:31
Zawadi gani, weye? Zawadi huyuhuyu? [anacheka, kisha kimya] Ngoja nitoke nje, watoto wana kelele… Mwenzangu, mimi niko Kahama siku hizi. Lakini wewe ulitupotea! Tumetoka prepu, godoro limekunjwa, tranka hakuna. Namuuliza matroni, ananiambia nikalale. Nikakuandikia kwa anwani ya baba yako Muheza, mara mbili. Kimya.

Zawadi, saa 2:40
Barua sikuziona. Baba wa siku zile anipe barua? Hata chakula nilikuwa napewa na bibi kwa kujificha. Si tulipimwa tulipotoka likizo, foleni ile, nesi anabonyeza matumbo? Mimi nikaambiwa nibaki. Na mwaka 2003 ukitoka kwa mimba, umetoka. Mwenyewe sasa yuko chuo Dodoma, kazi yake kunipigia aombe hela. [anacheka] Usinionee huruma, sikukutafuta kwa hilo.

Mwanaidi, saa 2:44
Sasa kwa lipi? Maana mimi nikitafutwa, ni mchango wa harusi.

Zawadi, saa 2:52
Waliporuhusu wasichana warudi shule, 2021, nilikuwa na miaka 34. Nikakae dawati moja na watoto? Nikapita kwenye mtihani wa maarifa, ile QT. Nikafaulu! Novemba hii nafanya kidato cha nne, mtahiniwa wa kujitegemea. Kiswahili, baiolojia, sina wasiwasi. Hesabu ndiyo inaninyima usingizi. Sehemu nazijua, nazikata kwa mkasi kila siku. Logi, wallahi, sioni mlango. Nasikia wewe ndiyo mwalimu wa hesabu. Nitakulipa.

Mwanaidi, saa 3:05
[anapenga kamasi] Unilipe nini, toka hapa. Nani alikuwa ananiachia makande yake kila Ijumaa? Chukua daftari. Mbili mara mbili mara mbili, nane, sivyo? Logi inakuuliza hivi tu: nichukue mbili ngapi, nizizidishe, nipate nane? Haya, logi ya nane, besi mbili. Na usimuulize mtoto wa Dodoma.

Zawadi, saa 3:06
Tatu.

Zawadi, saa 3:06
Ni tatu, si ndiyo? Ndiyo hiyo tu iliyonitoa jasho tangu Januari? Nipe ngumu, Mwanaidi. Gauni la watu litasubiri.