Anatafutwa Mpangaji Mwenza wa Kike: Chumba Kimoja, Ligula, Mtwara Mjini

Sisi ni wanawake wawili tunaopanga nyumba ya vyumba vitatu hapa Ligula, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Tunatafuta mwanamke mwenzetu wa kuchukua chumba cha tatu kuanzia tarehe 1 Septemba, kwa kuwa aliyekuwa akikaa humo amehamishiwa kikazi Masasi. Nyumba ina uzio na geti, sebule, jiko la ndani, bafu na choo vya kutumia wote, pamoja na baraza la nyuma la kufulia na kuanikia.

Chumba chenyewe kina futi 10 kwa 12, sakafu ya vigae, feni ya dari, wavu wa mbu dirishani na kabati la ukutani. Kitanda na godoro mpangaji atakuja navyo. Dirisha linatazama magharibi, hivyo kuanzia saa tisa alasiri joto huingia, hasa Novemba kabla mvua hazijakolea, na feni peke yake haitoshi bila pazia zito. Mvua zikishika, bajaji nyingi hukataa kuingia uchochoro wetu na humshusha abiria barabarani, umbali wa nyumba nne. Tunayaeleza haya mapema kwa sababu kila ajaye kuangalia chumba huja asubuhi, jua likiwa upande wa pili.

Kodi ya nyumba nzima ni shilingi 270,000 kwa mwezi, yaani 90,000 kwa kila mtu, na mwenye nyumba hupokea ya miezi sita kwa mkupuo. Kodi ya sasa imelipwa hadi mwisho wa Desemba, kwa hiyo mpangaji mpya atamrudishia anayeondoka shilingi 360,000 za miezi minne, kisha Januari tutalipa pamoja. Hakuna dalali, wala hela ya kuonyeshwa chumba. Mwenye nyumba atahitaji nakala ya kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa unakotoka, ndipo aandike jina lako kwenye mkataba.

Umeme ni wa LUKU, mita moja kwa nyumba nzima. Kila mmoja hutoa shilingi 12,000 mwanzoni mwa mwezi, na uniti zikiisha kabla ya mwezi kwisha tunachangia tena sawasawa. Kiasi hicho kinatosha friji, taa, feni na pasi. Mwenye jiko la umeme au hita ya maji ataongeza 8,000, na jambo hili tungependa likubaliwe kabla ya kuhamia, maana ugomvi wa LUKU huvunja nyumba kuliko ugomvi mwingine wowote. Maji ya bomba hukatika siku nyingine, lakini tuna tangi la lita 1,000, na bili hugawanywa kwa tatu. Mtungi wa gesi tunajaza kwa zamu.

Kuhusu kuishi pamoja, mmoja wetu ni muuguzi anayeingia zamu za usiku na kulala mchana, na mwingine ni mwalimu wa sekondari anayeamka saa kumi na moja alfajiri. Kwa sababu hiyo redio ya sauti kubwa haitufai saa yoyote, si usiku tu. Mmoja ni Mwislamu na mwingine ni Mkatoliki. Nyama ya nguruwe na pombe haviingii nyumbani, na mwezi wa Ramadhani hatupiki sebuleni wala barazani mchana. Si lazima kula chungu kimoja, ingawa Jumapili kwa kawaida tunapika pamoja. Ng'onda hupikwa hapa mara kwa mara, na asiyeivumilia harufu yake afikirie vizuri. Wageni wa kike wanaweza kulala siku mbili tatu kwa taarifa. Wa kiume huishia sebuleni na huondoka kabla ya saa tatu usiku. Ndugu wa kukaa muda mrefu hatuna nafasi naye, na hapo hatutafanya ubaguzi.

Atakayetufaa zaidi ni mtu mwenye kazi au biashara ya kueleweka, anayeosha chombo alichotumia siku hiyohiyo na anayesema jambo likimkera badala ya kununa. Umri, dini na kabila si hoja kwetu.

Aliye tayari aache jina, namba ya simu na maelezo mafupi ya kazi yake na saa zake za kutoka na kurudi, kwa muuzaji wa duka hili la dawa ambako tangazo limebandikwa. Tutampigia na kumwalika kuangalia chumba Jumamosi au Jumapili kuanzia saa tisa alasiri, tukiwa wote wawili nyumbani. Fedha yoyote italipwa baada ya kuonana na mwenye nyumba.