Kumbusho: miadi yako ya meno ni kesho, Alhamisi 22 Oktoba 2026

Habari za mchana, ndugu mteja.

Kesho una miadi nasi hapa kliniki ya meno, Magomeni Mapipa, ghorofa ya kwanza. Tunaomba utujibu leo kabla ya saa 11:00 jioni. Andika namba ya kadi yako na neno moja tu. Mwenye kadi 412, kwa mfano, ataandika hivi:

412 NAKUJA
412 BADILI
412 SIJI

Usisahau namba. Familia nyingi hutumia simu moja, na tukipata "nakuja" peke yake hatujui ni mama au ni mtoto. Namba iko kona ya juu ya kadi yako ya kliniki. Kama huna bando, ujumbe wa kawaida unatosha. Kama huna salio kabisa, bipu namba hii, mapokezi watakupigia.

Saa zenu za kesho ni hizi. Tumeweka namba za kadi badala ya majina ili siri ya kila mtu ibaki yake. Kwenye mabano ni saa kama inavyosomeka kwenye simu, maana kila wiki kuna mtu anayesoma "saa 4:30" akaja saa kumi na nusu jioni, kiti chake kikiwa kimeshapita tangu asubuhi.

Kiti cha kwanza, matibabu ya mzizi wa jino:
412 – saa 2:30 asubuhi (08:30)
388 – saa 4:30 asubuhi (10:30)
405 – saa 8:00 mchana (14:00)

Kiti cha pili, kuziba na kung'oa:
397 – saa 3:00 asubuhi (09:00)
421 – saa 4:00 asubuhi (10:00)
419, mtoto – saa 5:00 asubuhi (11:00)

Meno bandia, kujaribisha:
360 – saa 9:00 alasiri (15:00)
366 – saa 9:40 alasiri (15:40)

Fika dakika 10 kabla. Ukichelewa hadi dakika 15 tutakupokea. Zaidi ya hapo, mwenye kuziba tunaweza kumsogeza mbele siku hiyohiyo, lakini mwenye mzizi hapana. Kazi hiyo inataka saa nzima hadi saa moja na nusu, na mzizi uliosafishwa nusu ni afadhali usingeguswa siku hiyo.

UKITAKA KUBADILI
Nafasi zilizo wazi ni tatu: A, Ijumaa tarehe 23 saa 4:00 asubuhi (10:00). B, Jumamosi tarehe 24 saa 3:00 asubuhi (09:00). C, Jumatatu tarehe 26 saa 10:00 jioni (16:00). Andika, kwa mfano, 412 BADILI B. Anayewahi ndiye anayepata, na utapokea jibu letu la "tumeandika". Usipolipata jibu hilo, hesabu kwamba bado hujabadilishiwa. Kama zote tatu hazikufai, andika namba yako na BADILI tu, tutakupigia tupange pamoja. Kubadili hakuna malipo wala hakuna lawama. Tunachoomba ni kujua leo, kwa sababu tuna wagonjwa wenye maumivu wanaosubiri nafasi, na mtu hawezi kuitwa saa 2:40 asubuhi kutoka Mbagala akafika kwa wakati.

Asiyejibu tutampigia mara moja kati ya saa 11:00 na saa 12:00 jioni. Tusipompata, nafasi tunampa mwingine.

JINO LIMEACHA KUUMA? NJOO HIVYOHIVYO
Hili tunawaambia hasa 412, 388 na 405. Sababu kubwa ya watu kutorudi ni kwamba maumivu yameisha. Yameisha kwa sababu kiini kilichokuwa kinauma tulikitoa na ndani tukaweka dawa. Hapo jino halijapona, limetulia tu. Ile dawa nyeupe iliyofunika tundu ni ya muda. Inaliwa kidogokidogo kila unapotafuna, na baada ya wiki chache mate hupenya pembeni yake. Yakipenya, wadudu wanarudi kwenye mizizi tuliyoisafisha, na kazi inaanza upya. Kibaya zaidi, jino lililo wazi katikati hupasuka kirahisi. Mtu anatafuna kisamvu chenye kijiwe kimoja, jino linagawanyika hadi chini ya fizi, na hapo hakuna la kuziba tena, ni kung'oa. Hadi kesho tafunia upande wa pili.

Na tafadhali usibadilishe miadi kwa vidonge vya antibiotiki kutoka duka la dawa. Ndani ya jino lililokufa damu haifiki, kwa hiyo dawa ya kumeza nayo haifiki. Uvimbe unaweza kupungua ukadhani umepona, kumbe chanzo kiko palepale.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI
Kula. Wengi huja na njaa wakidhani ganzi inataka tumbo tupu. Hiyo si sindano ya kulaza, ni ganzi ya sehemu, na mwenye njaa na hofu ndiye anayeshikwa na kizunguzungu kitini. Chai na chapati au uji unatosha. Kisha piga mswaki.

Dawa za presha na kisukari zimeze kama kawaida, na mwenye kisukari asimeze dawa bila kula. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, hasa kadi 421 unayekuja kung'oa, usiache dawa kwa uamuzi wako. Tupigie leo na uje na majibu ya kipimo cha damu cha karibuni. Mjamzito, au mwenye mzio wa penisilini au dawa yoyote, atuambie mapokezi kabla ya kupigwa picha au kuandikiwa dawa.

Beba kadi ya kliniki, kadi ya bima na kitambulisho, pamoja na picha ya eksirei kama ulipewa uende nayo nyumbani. Kadi 419 aje na mzazi au mlezi anayeweza kukubali matibabu kwa niaba yake. Dada wa kazi peke yake hatoshi, na tutalazimika kuwarudisha. Mzazi ajipange kumwangalia mtoto kwa saa chache baadaye, maana mdomo wenye ganzi mtoto huutafuna mpaka ukatoka damu bila kusikia chochote.

Kadi 360 na 366: kesho meno yenu yatakuwa bado yamepangwa kwenye nta. Ndiyo siku ya kusema "haya ni meupe mno" au "hili limejitokeza", kwani nta inasogezeka. Yakishamiminwa plastiki, kubadili ni kama kuanza upya. Njoo na mtu wa nyumbani anayekujua sura, na picha yako ya zamani unayocheka kama unayo.

USINGOJE KESHO
Kama shavu limevimba hadi jichoni au shingoni, mdomo haufunguki, unashindwa kumeza au kupumua, au una homa kali, usituandikie ujumbe. Nenda sasa hivi hospitali ya karibu yenye huduma ya dharura.

Kama una uvimbe mdogo usio na dalili hizo, miadi yako iko palepale. Ila tupigie leo, daktari ajue mapema.

Tunasubiri jibu lako hadi saa 11:00 jioni: namba ya kadi, kisha NAKUJA, BADILI au SIJI.

Mapokezi, kliniki ya meno, Magomeni Mapipa