Makabidhiano ya kazi za ghala la chanjo la wilaya: likizo ya tarehe 2 hadi 29 Machi 2026

Kwa: Ndugu Rehema, Msaidizi wa Mratibu wa Chanjo
Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya, Mfamasia wa Wilaya, Katibu wa Afya

Ndugu Rehema,

Salaam, na pole kwa kazi za kufunga mwezi. Kama tulivyozungumza, ninaanza likizo yangu ya mwaka ya siku 28 Jumatatu, tarehe 2 Machi, na nitarejea kazini Jumatatu, tarehe 30 Machi 2026. Kwa kibali cha Mganga Mkuu wa Wilaya, wewe ndiye utakayekaimu nafasi yangu katika kipindi hicho chote. Ninakuandikia kwa urefu ili usilazimike kukisia jambo lolote nitakapokuwa mbali.

Naanza na majokofu, kwa sababu kazi nyingine zote zikichelewa siku moja zinaweza kurekebishwa, lakini chanjo iliyoharibika hairudi. Joto lisomwe mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, na kuandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kila jokofu, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Sikukuu ya Idi inatarajiwa tarehe 20 au 21 Machi kulingana na mwandamo wa mwezi, na kwa kuwa wewe utakuwa nyumbani na familia, nimekubaliana na Bwana Elia wa stoo ya dawa asome siku hizo mbili. Tafadhali mkabidhi ufunguo wa ghala mapema. Majokofu yabaki kati ya nyuzi +2 na +8. Kifaa cha Fridge-tag hutoa tahadhari joto likizidi +8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi −0.5 kwa dakika 60. Tahadhari ya baridi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana Penta, chanjo ya nimonia, ya pepopunda na ile ya saratani ya mlango wa kizazi zikishaganda huwa zimekwisha, hata kama kichupa ukikitazama kinaonekana kizima. Kiashiria cha VVM nacho hakitakusaidia hapo, kwa kuwa kinaonyesha athari za joto tu. Ukiikuta tahadhari hiyo, tenga shehena yote, usitoe hata kichupa kimoja, fanya jaribio la kutikisa, kisha mpigie Mfamasia wa Wilaya kabla ya kuamua lolote.

Jokofu namba 2 lina tabia yake. Mpira wa mlango umelegea kwenye kona ya chini upande wa kulia, hivyo baada ya kufunga, isukume kona hiyo kwa kiganja mpaka usikie mlio mdogo wa mpira kushika. Usipofanya hivyo, utalikuta saa sita mchana liko nyuzi 7 na linaendelea kupanda. Mpira mpya umeshaombwa na barua ya maombi imo kwenye faili la matengenezo. Fundi wa vifaa tiba ameahidi kuja katika wiki ya tarehe 9 Machi, nami naomba umkumbushe Jumatatu hiyo asubuhi.

Umeme ukikatika, usifungue jokofu lolote kwa ajili ya kuangalia. Soma joto kwenye kifaa cha nje. Mlinzi, Mzee Athumani, anajua kuwasha jenereta na anaruhusiwa kukupigia saa yoyote ya usiku. Dizeli iliyopo ni lita 60, na ikifika 30 muone Katibu wa Afya siku hiyohiyo. Iwapo jenereta nayo itagoma, hamishia chanjo kwenye makasha baridi, lakini pakiti za barafu ziache kwanza nje ya friza zitoke jasho hadi ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Mwaka jana kituo kimoja kilipanga pakiti ngumu moja kwa moja kutoka kwenye friza, zikagandisha Penta yote iliyokuwa ndani, na akina mama waliokuwa wameshatembea mwendo mrefu na watoto mgongoni wakarudishwa nyumbani bila huduma. Sitaki tena kuona hali hiyo katika wilaya yetu.

Usambazaji wa Machi utafanyika tarehe 10 hadi 13. Masika yanaanza mwezi huu, kwa hiyo nimepanga vituo vya mabondeni vitangulie siku mbili za kwanza kabla barabara hazijaharibika, na vya mjini vifuate. Naomba mpangilio huo usibadilishwe hata dereva akishauri vinginevyo. Dereva ni Bwana Kassimu na gari limeshawekwa kwenye ratiba ya usafiri. Ghalani kuna vichupa 180 vya chanjo ya pepopunda vinavyokwisha muda mwishoni mwa Aprili, navyo vitoke kwanza. Vipo rafu ya juu ya jokofu namba 1, nimevifunga utepe mwekundu. Kwa BCG na surua-rubela, hesabu ya dailuenti ilingane na ya vichupa, na kila kituo kipewe dailuenti ya mtengenezaji yuleyule wa chanjo.

Ripoti za Februari kutoka vituoni zinatakiwa kutufikia Ijumaa, tarehe 6 Machi. Mpaka ninapoandika haya, vituo 31 kati ya 38 vimekwishaleta za awali. Saba vilivyobaki nimeviorodhesha kwenye jedwali pamoja na jina la mhusika wa kila kituo. Kamilisha kuingiza takwimu kwenye mfumo wa VIMS ifikapo Jumanne, tarehe 10, asubuhi kabla ya gari kuondoka. Ukiona kituo kimetumia dozi chache kuliko watoto waliochanjwa, usirekebishe mwenyewe. Mpigie mhusika aangalie rejista yake.

Oda ya robo ya pili, yaani Aprili hadi Juni, iwe imefika ghala la mkoa Ijumaa, tarehe 20 Machi, na ukiweza itume tarehe 18 kwa sababu ya Idi. Rasimu ipo tayari. Kilichobaki ni kuweka salio halisi baada ya kuhesabu kichupa kwa kichupa Jumatatu, tarehe 16. Leja ikitofautiana na kilichomo ndani ya jokofu, andika kilichomo na ueleze tofauti.

Marejesho ya masurufu ya huduma ya mkoba ya Februari yapelekwe kwa Mhasibu kabla ya Ijumaa, tarehe 13 Machi. Stakabadhi zote zipo isipokuwa moja ya mafuta, ambayo Bwana Kassimu ataileta Jumatano.

Nyaraka zote za kompyuta zimo kwenye kompyuta ya ofisi katika folda `CHANJO_2026`: ratiba ipo `02_Usambazaji`, jedwali la ripoti `03_Ripoti`, na rasimu ya oda `04_Oda_Aprili_Juni`. Nakala yake imo kwenye diski ya nje ndani ya droo yangu ya juu. Leja, vocha na faili la matengenezo vipo kabati la chuma, rafu ya pili. Nywila siziandiki hapa. Zimo katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri aliyonayo Katibu wa Afya, naye atakukabidhi kwa saini.

Kwa uamuzi wa kuharibu au kuzuia chanjo, muone Mfamasia wa Wilaya. Kwa mtoto au mama aliyepata maudhi makubwa baada ya chanjo, mpe taarifa Mganga Mkuu wa Wilaya palepale, usisubiri kujaza fomu kwanza. Kwa upungufu wa shehena, zungumza na mtunza ghala wa mkoa. Namba zao zote zimebandikwa ukutani juu ya meza yangu. Mimi nitakuwa kijijini Upare, ambako mtandao hupatikana zaidi jioni. Kwa jambo la majokofu nipigie bila kusita.

Naomba tukutane Ijumaa hii, tarehe 27 Februari, saa nne asubuhi ghalani, tuhesabu pamoja na kutia saini hati ya makabidhiano.

Wako katika kazi,
Yohana
Mratibu wa Chanjo wa Wilaya