Ripoti ya kutesti kulogini kwa Google, Facebook na Apple, apu ya gesi, raundi ya pili

Wakuu habari za jioni. Hii ni ripoti ya raundi ya pili, nimetesti juzi na jana kwenye seva ya majaribio, toleo 2.4.1, kwa Tecno ya Android 11, Samsung ya Android 14, brauza ya kompyuta na aifoni ya shemeji niliyoiazima kwa masharti makali. Ni ndefu mtanisamehe, ila naomba isomwe yote hasa pale kwenye kuunganisha akaunti maana pale ndo kuna moto.

Kwa wenye haraka: mtu akikataa ruhusa apu inachanganyikiwa, hilo ni la siku moja tu kurekebisha. Mtu akibadili imeli anapotea na pointi zake. Na kuunganisha na akaunti ya zamani, mlango uko wazi kabisa, mtu anaingia akaunti ya mwenzake anakaa anasoma oda zake. Hilo la tatu likiwa hivi hivi mimi toleo la Ijumaa sisaini, bosi akitaka aniite.

Kukataa ruhusa

Nimebonyeza "Ingia kwa Google", nikachagua akaunti, ikaja ile skrini ya kuomba ruhusa, nikabonyeza kughairi. Google inamrudisha mtu kwetu vizuri tu hivi:

```
/auth/google/callback?error=access_denied&state=k7Qd2xP9
```

Nilitegemea nirudi kwenye skrini ya kuingia na ujumbe mfupi. Kilichotokea ni skrini nyeupe, kiduara kinazunguka, nimekaa nahesabu sekunde 40 ndo inaniambia "Hitilafu 500". Nimeangalia logi, bekendi inakimbilia kutafuta `code` bila kuangalia kwanza kama kuna `error`, haipati, inaanguka. Imefeli. Kaka wa bekendi, ukirekebisha usiandike `access_denied` peke yake ukaona umemaliza, Apple mtu akighairi inaleta `user_cancelled_authorize`, na Facebook inaleta `access_denied` pamoja na `error_reason=user_denied`. Weka tu kwamba kukiwa na `error` yoyote mtu arudi kwenye kuingia, na hizi tatu zihesabiwe kama mtu kaghairi mwenyewe, sio kama seva imeharibika, maana saa hizi kila anayeghairi anatuma alamu kwenye simu yangu usiku.

Kuna anayefunga kidirisha kwa ile X au anabonyeza kurudi nyuma kwenye simu. Huyo hakuna kinachorudi kwetu kabisa, kwa hiyo batani yetu inabaki ya kijivu mpaka uue apu ufungue upya. Imefeli kwenye Android zote mbili, kompyuta iko poa.

Nimetesti pia kukatikiwa bando katikati, hili sikulipanga, nilikuwa kwenye daladala ya Mbezi bando likaisha nikiwa kwenye skrini ya ruhusa, nimekuja kununua lingine baada ya robo saa. Nikakubali, apu ikakataa ikasema nianze upya kwa sababu `state` ilishapitwa na muda. Safi kabisa, imepita, msiguse hapo.

Sasa Facebook. Pale mtu anaweza kukubali kuingia lakini akaondoa tiki kwenye imeli. Yaani sio kwamba kaghairi, kaingia, tokeni tumepata, ila imeli hamna. Na wapo wengi tu waliofungua Facebook kwa namba ya simu, hao imeli hawana toka mwanzo, mjini hapa utawapata wa kutosha. Nimefungua akaunti ya kwanza hivyo, ikakubali, ikaweka imeli tupu kwenye databezi. Nikafungua ya pili kwa mtu mwingine, ikaniambia "Imeli hii imeshatumika". Imeli gani sasa? Imeli tupu imeshatumika! Nilicheka peke yangu ofisini, ila mteja wa kweli hatocheka. Tunachotaka: asipoleta imeli tumuombe namba ya simu tu, gesi tunampigia hata hivyo. Na kama lazima tuombe imeli tena Facebook, lazima muweke `auth_type=rerequest`, bila hiyo Facebook haimuulizi mara ya pili kitu alichokwisha kataa.

Kidogo kuhusu Apple: jina la mtu wanalileta mara ya kwanza tu. Nilizima seva makusudi ile mara ya kwanza, nikaiwasha nikalogini tena, nimekaribishwa kwa "Habari null". Jina lisipokuwepo muulizeni, basi.

Imeli kubadilika

Hapa nimetumia ile domeni yetu ya majaribio ambayo mimi ndo admini wake. Nimemfungua Mwajuma, kaingia kwa Google, kaagiza mitungi, kakusanya pointi 340. Nikambadili imeli upande wa Google, kalogini tena kwa akaunti ile ile. Apu ikamkaribisha kama mgeni, pointi 0, historia hamna. Hiki ndo kinachokuja kutoka Google baada ya kubadilisha:

```
{
  "iss": "https://accounts.google.com",
  "sub": "108234567890123456789",
  "email": "mwajuma.hamisi@example.com",
  "email_verified": true
}
```

`sub` haijabadilika hata tarakimu moja, nimelinganisha na ya kabla. Kilichobadilika ni imeli peke yake. Sisi tunamtafuta mtu kwa imeli, na Google wenyewe kwenye maelekezo yao wanasema mtu atambulike kwa `sub`. Kwa hiyo jedwali lishike `iss` na `sub` kwa pamoja, imeli ikae pembeni kama mawasiliano tu, ya kumtumia mtu risiti.

Kuna upande wa pili wa hilo hilo na huu ndo umenitisha. Nimemfuta Mwajuma kule Google, nikafungua mtu mwingine nikampa imeli ile ile aliyokuwa nayo, kama vile kampuni inavyofanya, mfanyakazi kaondoka anakuja mwingine anarithi imeli ya ofisi. `sub` mpya, imeli ya zamani. Apu ikamuingiza moja kwa moja kwenye akaunti ya Mwajuma, kaona nyumba anapoletewa gesi Sinza, kaona namba yake ya M-Pesa. Yote. Imefeli, na naiweka kundi moja na zile za kuunganisha hapo chini.

Imeli mpya ikija msiifute ya zamani kimya kimya. Muulizeni mtu "Tumeona imeli yako ya Google imebadilika, risiti tutume huku?" achague mwenyewe.

Wa Apple wanaoficha imeli wanakuja na anwani inayoishia `@privaterelay.appleid.com`. Kulogini kuko poa, ila risiti haikufika kwa shemeji, sababu domeni tunayotumia kutuma risiti hatujaisajili kule Apple. Na hata tukiisajili mtu anaweza kuzima kupokea muda wowote, kwa hiyo risiti iwepo ndani ya apu pia. Na kitu kingine kidogo, imeli yenye herufi kubwa na ile yenye ndogo zimefungua akaunti mbili, zipunguzeni zote ziwe ndogo.

Kuunganisha na akaunti iliyopo

Testi ya kwanza. Kwenye Tecno nimejisajili kwa imeli ya shemeji, paswedi nikaweka ya kwangu. Apu ilituma linki ya kuthibitisha kwenye imeli yake, nikamwambia asiiguse. Ila apu haisubiri, nikaingia hivyo hivyo. Kesho yake shemeji kachukua aifoni yake, kaingia kwa Google kama mtu yeyote, apu ikaona imeli ipo, ikaunganisha bila kuuliza. Kaweka anwani ya kwake, kaagiza mtungi wa kilo 15. Mimi na Tecno yangu bado nimo ndani, naiona oda inaingia. Nikatoka, nikarudi kwa paswedi yangu, ikakubali. Yaani mwizi anatangulia kuingia nyumba kabla mwenye nyumba hajahamia, na ufunguo anabaki nao.

Akaunti ambayo imeli yake haijathibitishwa isiunganishwe na chochote. Na kama mmeamua mwenye Google ndo mwenye haki, basi paswedi ya zamani ifutwe na sesheni zote zilizokuwa wazi zife pale pale, sio baadae.

Testi ya pili, nimetumia ile seva yetu feki ya kulogini ilete `email_verified` ni `false`. Imeunganisha pia! Hatuangalii kabisa hicho kitu. Na hata ikija `true`, kwa imeli ambayo sio ya gmail.com na haina `hd`, Google inasema tu kwamba iliwahi kuthibitishwa, leo inaweza kuwa ya mtu mwingine. Kwa hiyo mimi naomba akaunti ikiwepo tuulize, kila mara, ujumbe uwe hivi:

"Imeli hii tayari ina akaunti kwetu. Weka paswedi yako, au tukutumie namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia 12, kisha tutaiunganisha na Google."

Dada wa masoko najua utasema hatua ya ziada inakimbiza wateja. Ni kweli inaudhi, lakini ni mara moja tu maisha yake yote, na anayekwama ni yule tu mwenye akaunti tayari.

Testi ya tatu ni ndani ya mipangilio, pale "Unganisha Google". Nimeanza kuunganisha kwenye akaunti yangu, nikaikamata ile linki ya kurudi kabla haijafika kwetu, nikaifungua kwenye Samsung ambayo imelogini kama Mwajuma. Google yangu ikaungana na akaunti ya Mwajuma. Kulogini kunaangalia `state`, kuunganisha hakuangalii, nadhani kode imeandikwa mara mbili na ya pili ikasahauliwa.

Vilevile Google ambayo tayari iko kwa Mwajuma nikijaribu kuiunganisha na yangu, inahama kimya kimya na Mwajuma anabaki nje. Ilitakiwa ikatae. Na mtu asiye na paswedi akiondoa Google, apu inamruhusu, akitoka harudi tena. Ikatae mpaka aweke paswedi au namba ya simu.

Mpangilio wa kurekebisha ninavyoona mimi: kuunganisha kwanza pamoja na `state`, halafu `sub`, halafu imeli tupu ya Facebook, zile skrini nyeupe mwisho. Kaka ukimaliza `sub` kumbuka waliopo kwenye databezi hawana, itabidi wajazwe wakilogini mara ya kwanza, na hapo ndo pa kuuliza paswedi sio kuamini imeli tena, la sivyo tumerudi kule kule.

Naomba toleo la kutesti Jumamosi asubuhi kabla ya saa nne. Aifoni inarudi kwa mwenyewe Jumapili.