Mliochukua unga wa ndizi, nipeni ukweli

Habari za jioni wapendwa. Wiki iliyopita baadhi yenu mlichukua ule unga mpya wa ndizi, nusu kilo kwa shilingi 4,000. Naomba maoni ya kweli, hata yanayouma.

Kinachonisumbua zaidi ni ladha. Mteja mmoja wa Pasua ameniambia uji unaacha uchungu kidogo mdomoni. Mimi nikionja siusikii, labda nimeshauzoea. Nyie mmeusikia? Unafanya mabonge? (Mimi huukoroga kwanza na maji baridi, lakini najua asubuhi ya shule hakuna muda huo.) Watoto walimaliza kikombe au walikisukuma? Na kwa bei hiyo, ungenunua tena?

Anayeona haya kusema mbele za watu anitumie pembeni, hata kwa sauti. Asiyetaka kujibu aache tu, sitamfuata kumkumbusha. Hakuna zawadi wala punguzo kwa anayesifia, na anayeponda bado atapata unga kwa bei ileile ya wote. Mkisema "mzuri sana dada" tu, mtaniacha palepale. Maneno ya mtu sitayaweka kwenye tangazo bila kumwomba.

Ijumaa nasaga mzigo mwingine, kwa hiyo maoni yenu yakinifikia kufikia Alhamisi jioni nitaweza kurekebisha.

Zile pakiti zilizoachia pembeni nimeshaziona, kosa ni langu. Aliyepata ya hivyo aje dukani Mbuyuni nimbadilishie.