Mada ya 4: Masafa ya utangazaji, leseni, na kwa nini gazeti lina sheria yake

Kozi ya Sheria ya Vyombo vya Habari, Dodoma. Isomwe kabla ya semina ya Alhamisi.

Jibu linalopoteza alama kuliko yote katika mada hii ni hili: "Redio inahitaji leseni, gazeti liko huru." Kwa Tanzania si kweli. Chini ya Sheria ya Magazeti ya 1976 gazeti lilisajiliwa, na tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 nalo linahitaji leseni, inayotolewa kupitia Idara ya Habari (MAELEZO). Kinachotofautiana ni sababu ya leseni. Sababu hiyo ndiyo inayopima mdhibiti aishie wapi.

Kwenye meza ya muuza magazeti pale Jamatini, gazeti la kumi halifuti maandishi ya yale tisa. Masafa hayako hivyo. Bendi ya FM inaanzia megahezi 87.5 na kuishia 108. Vituo vya eneo moja vikipishana kwa kilohezi 400, hesabu ya karatasini inatoa nafasi 51, na hizo hupungua kwa sababu mawimbi hayajui mipaka ya wilaya. Antena iliyo mita 100 juu ya ardhi tambarare hufika kilomita 40 na ushee. Ikipandishwa mlimani hufika mbali zaidi. Vituo viwili vikitumia masafa yaleyale, kimoja Dodoma mjini na kingine Mpwapwa, redio ya msikilizaji hukamata wimbi lenye nguvu zaidi. Aliye katikati husikia vikinyang'anyana, sentensi ya huyu ikikatwa na wimbo wa yule.

Kuna madhara yasiyosikika redioni kabisa. Mitambo miwili inayotumia mnara mmoja bila vichujio vizuri huzaa wimbi la tatu. Chukua 98.0 na 106.5: mara mbili ya 106.5, toa 98.0, unapata 115.0. Hapo umeingia bendi ya vifaa vya kuongozea ndege, inayoanzia 108 tu, pale FM inapoishia. Ndiyo maana mwombaji huulizwa mahali mnara ulipo, urefu wa antena na nguvu ya mtambo kwa wati. Mwenye gazeti hana cha kujibu kwenye maswali hayo.

Marekani walijaribu kuishi bila mpangilio. Mwaka 1926 mahakama ilisema Waziri wa Biashara hana mamlaka ya kukipangia kituo masafa. Vituo vikahama na kuongeza nguvu vilivyotaka, na Sheria ya Redio ikatungwa 1927. Juu ya msingi huo zikaja kesi mbili ambazo lazima zisomwe pamoja. Katika Red Lion (1969) Mahakama ya Juu ilikubali kituo kilazimishwe kumpa nafasi ya kujibu mtu aliyeshambuliwa hewani. Katika Tornillo (1974) ilikataa gazeti lilazimishwe kumpa mgombea nafasi hiyohiyo. Swali ni karibu lilelile, majibu yamepishana kabisa, na hukumu ya pili haikuitaja ya kwanza hata mara moja. Ukimya huo ni udhaifu mkubwa, nao unafaa kuandikiwa insha.

Kwetu, TCRA iliundwa kwa sheria ya 2003, na leseni za utangazaji zinasimamiwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Tenganisheni mambo mawili: haki ya kutumia masafa, na leseni ya maudhui. La kwanza ni uhandisi. La pili ni maneno, na hapo Kamati ya Maudhui inaingia, pamoja na Ibara ya 18 ya Katiba, ya uhuru wa maoni. Wakili anayetetea kituo aulize mapema kosa liko upande upi, maana hoja ya mwingiliano wa masafa haiwezi kuhalalisha adhabu ya kipindi kilichoudhi watu.

Hoja yenyewe ya uhaba wa masafa imechakaa. Uzimaji wa mitambo ya analojia ya televisheni ulianza Dar es Salaam 31 Desemba 2012, na kwa dijitali chaneli moja ya zamani hubeba vituo kadhaa. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 zikaweka leseni hata pale ambapo hakuna masafa ya kugawana. Anayezitetea ategemee hoja nyingine, kama ushawishi wa chombo au ulinzi wa watoto, iliyokubaliwa katika kesi ya Marekani ya Pacifica (1978) kwa utangazaji pekee. Kuhusu magazeti, Tamko la Kanuni za Uhuru wa Kujieleza Afrika la 2002 lilitaka usajili usiwe kizuizi.

Swali la semina: Kampuni ya Kibaigwa ina redio na gazeti la wiki. Redio imezidisha nguvu ya mtambo kuliko leseni inavyoruhusu. Jumatatu ilirusha makala yenye tuhuma dhidi ya diwani, na Ijumaa gazeti likaichapa neno kwa neno. Diwani anataka kujibu kote kuwili. Taja mamlaka ya kila kosa, sheria inayohusika, na hoja ipi ya udhibiti inaitetea.