Jumamosi saa 2:00 usiku, mubashara: Je, mashine yako ya presha inakuambia ukweli?

Ndugu watazamaji, habari zenu.

Tangazo nililoweka juzi lilisema tu, "Jumamosi tupo laivu saa 8, msikose." Wengi mmeniuliza: laivu ya nini, na ni saa nane mchana au usiku? Mlikuwa na haki ya kuuliza. Niliisoma saa kwenye simu, 20:00, nikaiandika vibaya. Naomba radhi, na tangazo lile nimelifuta. Lifuateni hili.

Tunaanza Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, saa 2:00 kamili usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Kwenye simu yako itasomeka 20:00. Mlio mbali, hiyo ni 17:00 UTC. Tutakaa dakika 45, hapa hapa kwenye chaneli hii.

Mada ni kupima presha nyumbani, na hasa makosa yanayofanya mashine nzima, isiyo na hitilafu yoyote, itoe namba ya uongo.

Niwaambie kwa nini nimeichagua. Mwezi uliopita shangazi yangu alinipigia simu akiwa na hofu: 152 kwa 94. Alikuwa anafikiria kumeza kidonge cha pili siku hiyo hiyo. Nikaenda. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ametoka kupanda ngazi, mkono unaning'inia, mkanda umefungwa juu ya sweta, na huku anapimwa anaongea na mjukuu wake. Nikamwomba avue sweta, aende msalani, kisha akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Tukanyamaza dakika 5. Mashine ile ile ikasoma 131 kwa 82. Kidonge cha pili kingeweza kumwangusha.

Mimi ni muuguzi, na kisa kama hicho nakiona mara nyingi. Kinyume chake nacho kipo, na ndicho kinachoniumiza zaidi: mtu anauinua mkono juu ya usawa wa moyo, namba inashuka, anatulia nyumbani huku presha inamla taratibu. Presha ya juu mara nyingi haiumi popote, kwa hiyo namba ndiyo shahidi pekee uliye naye.

Sasa, kwa nini uje muda ule ule na usisubiri rekodi? Kwa sababu tutapima pamoja. Dakika 5 za kwanza hakuna anayepima: unakaa, unatulia, unanisikiliza bila kuongea. Kisha tunapima mara mbili, tukiacha dakika moja katikati, na unaniandikia umekaaje na mkanda umefungwaje. Nikiona kosa nakuambia hapo hapo, unapima tena. Rekodi itabaki kwenye chaneli, lakini haiwezi kukuona ulivyokaa. Namba zako si lazima uziandike hadharani. Andika mkao tu, inatosha.

Nitaeleza pia kwa nini hospitali hutumia kikomo cha 140 kwa 90 lakini vipimo vya nyumbani hutazamwa kwa 135 kwa 85, na kwa nini kipimo kimoja hakitoshi kukuita mgonjwa wala kukutangaza mzima. Maswali nimeyatengea dakika 15 za mwisho.

Ili usipoteze kipimo chako, kuanzia saa 1:30 usiku usinywe kahawa, usivute sigara, wala usifanye mazoezi. Nenda msalani kabla. Vaa nguo ambayo mkono wake unavuliwa kirahisi. Betri ziwe na nguvu. Kama huna mashine njoo tu, maana huenda wewe ndiye utakayempima mama au baba kesho yake.

Jambo moja halisubiri Jumamosi. Ukipima ukakuta 180 kwa 120 au zaidi, na una maumivu ya kifua, unapumua kwa shida, upande mmoja wa mwili umelegea au ulimi unakuwa mzito, nenda hospitali mara moja. Na anayetumia dawa asiache wala asiongeze kwa sababu ya tangazo hili au ya matangazo yenyewe. Hilo ni la kuzungumza na daktari wako.

Bonyeza kengele hapo chini ili simu ikukumbushe. Mwenye mzazi mwenye mashine kabatini ampelekee ujumbe huu leo, amsaidie kuitoa na kuijaribu kama inawaka.

Saa 1:55 nitakuwa nimeshafungua, nimekaa, mkono mezani.